Ombi au Amri? Uhakiki wa Barua ya Kumwomba Shahidi Maelezo

Katika somo letu la Kiswahili cha matumizi maalumu, wanafunzi wa mwaka wa tatu hupewa kila mwaka kazi ya kuandika barua ya kiofisi kwa mtu ambaye hawajawahi kukutana naye. Safari hii kazi ilikuwa hii: wakili mmjini Arua anamwandikia mama mzee wa Ajia, katika kaunti ya Vurra, akimwomba maelezo ya maandishi kuhusu mpaka wa shamba ambalo majirani wawili wanaligombania. Kesi hiyo ni ya kubuni na hakuna mtu yeyote aliyeandikiwa, lakini kesi za namna hiyo ni za kila siku katika Nile Magharibi, ambako ardhi kubwa ni ya ukoo na mipaka yake hukaa katika kumbukumbu za watu zaidi kuliko katika karatasi. Kwa sababu hiyo barua kama hii ina uzito. Mama akiielewa vibaya, kumbukumbu yake inaweza isifike mahakamani, au ifike ikiwa imekwisha kuharibiwa na yule aliyeiomba.

Nimechagua barua moja tuihakiki. Si mbaya kuliko nyingine. Imefuata muundo tuliofundisha, haina kosa la tahajia, na mwalimu mwenye haraka angeipa alama nzuri. Inasema hivi:

"YAH: KUTOA USHAHIDI WA MAANDISHI. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Kwa heshima na taadhima, unatakiwa kuwasilisha ushahidi wako wa maandishi kuhusiana na kesi ya ardhi iliyopo mahakamani Arua, ukieleza jinsi mdaiwa alivyosogeza mpaka wa shamba la mteja wetu hadi kwenye mwembe, ili kuthibitisha madai yaliyopo. Ushahidi huo uletwe ofisini kwetu ifikapo Jumatatu saa kumi bila kukosa. Kutofanya hivyo kutasababisha hatua za kisheria kuchukuliwa dhidi yako. Ushirikiano wako utathaminiwa sana."

Tuanze na neno "unatakiwa". Mwandishi ameliwekea mto wa "kwa heshima na taadhima" akidhani kwamba amelilainisha. Lakini ni nani anayetaka? Kauli ya kutendwa imemficha. Msomaji wa Ajia anaona karatasi yenye muhuri, anaona neno "mahakamani", anaona "unatakiwa", na anahitimisha kwamba mahakama ndiyo inayomtaka. Hilo si kweli. Wakili hana mamlaka ya kumwamuru shahidi aandike chochote. Wakili huomba, na shahidi akikataa huku ushahidi wake ukihitajika, mahakama ndiyo inayoweza kutoa wito wa kumtaka afike mbele yake. Barua ya wakili na wito wa mahakama ni hati mbili tofauti, na barua hii imeivisha ya kwanza mavazi ya ya pili. Sentensi ya "hatua za kisheria" inaikamilisha hila hiyo, hata kama mwanafunzi hakukusudia hila. Tulipomuuliza ni hatua gani hizo, hakuwa na jibu. Alikuwa ameiona sentensi hiyo katika barua nyingine, akaona kwamba inafaa kumalizia.

Hapa kuna jambo la mahali ambalo vitabu vyetu vya uandishi wa barua, vingi vikiwa vimetungwa Tanzania na Kenya, haviligusi. Kiswahili kilifika Nile Magharibi kwa njia kadhaa, na mojawapo ilikuwa kambi ya jeshi. Idi Amin alipokitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, kwa Waganda wengi kilikuwa tayari ni sauti ya askari. Mzee wa Koboko aliyewahi kuvaa gwanda anaweza kulisoma "unatakiwa" bila kushtuka, na huenda akafika ofisini siku hiyohiyo. Mjane wa Ajia aliyezoea kuzungumza Kilugbara nyumbani, na ambaye Kiswahili amekisikia zaidi sokoni na kwenye vizuizi vya barabarani, ataisikia amri. Anaweza kujificha. Anaweza vilevile, na hili ni baya zaidi, kuandika lolote analodhani mwenye amri anataka kulisikia. Kitenzi "nakuomba" kina nafsi mbili ndani yake, mwombaji na mwombwa, na wote wawili wanaonekana. Kwa barua ya aina hii hiyo ndiyo adabu ya kwanza, na inazidi taadhima kumi zilizopangwa mstari mmoja.

Sasa neno "ushahidi". Wanafunzi wetu hulitumia kwa kila kitu: kwa kile shahidi anachokisema, kwa karatasi aliyoiandika, kwa kielelezo kinachowekwa mezani, hata kwa uthibitisho wenyewe. Karatasi ambayo shahidi anaandika aliyoyaona akaitia sahihi ni maelezo ya shahidi. Tanzania husema mtu ametoa maelezo polisi, na Kenya husema ameandikisha taarifa. Yote mawili yanaeleweka, ingawa mimi napendelea "maelezo", kwa kuwa "taarifa" ni pia habari ya redioni. Maelezo yasichanganywe na hati ya kiapo, ambayo huapwa mbele ya mtu mwenye mamlaka ya kuapisha. Kumwomba mama "ushahidi" kabla hajasema neno ni kumwambia kwamba anachojua kimekwisha kuhesabiwa kuwa cha upande fulani.

Na hapo ndipo tunapofika kwenye kasoro kubwa kuliko zote. Barua inamwomba mama aeleze "jinsi mdaiwa alivyosogeza mpaka". Kisarufi, kirejeshi cha namna, yaani "jinsi" pamoja na "-vyo-", hakiulizi kama tendo lilitendeka. Kinalichukulia kwamba lilitendeka, kisha kinauliza lilitendekaje. Ukiniuliza jinsi nilivyoiba kuku, nikijibu swali lako kwa namna yoyote ile nimekubali kwamba niliiba. Kuhusu mpaka wa shamba, hilo ndilo swali zima la kesi: je, mpaka ulisogezwa au haukusogezwa? Mwandishi ameshalijibu, amemtaja aliyetenda, ameweka hadi mwembe, na kilichobaki kwa shahidi ni kunakili. Kisha anaongeza "ili kuthibitisha madai yaliyopo", na kwa maneno hayo anamweleza shahidi kwamba kusudi la maelezo yake ni kumshindisha mdai.

Madhara yake si ya kinadharia. Kanuni za mwenendo wa kesi za madai nchini Uganda zilifanyiwa marekebisho mwaka 2019, zikatoa nafasi rasmi kwa maelezo ya shahidi ya maandishi. Shahidi hasimulii tena yote kwa mdomo akiongozwa na wakili wake. Maelezo yaliyokwisha kuwasilishwa yanaweza kupokewa kuwa ndiyo masimulizi yake, kisha upande wa pili unamhoji juu yake. Wakili wa upande wa pili hahitaji werevu mwingi. Atauliza: mama, ni nani aliyekutajia mwembe kwanza? Atauliza kama alipata barua yoyote kabla ya kuandika. Mama akiitoa barua hii mkobani, maelezo yake yote yanaanza kunuka, hata zile sehemu zilizo za kweli kabisa. Dalili ya maelezo yaliyoharibiwa namna hii ni rahisi kuiona: maneno ya barua yanarudi katika maelezo yakiwa vilevile, na shahidi ambaye katika mazungumzo husema "mti ule wa marehemu baba mkwe" anaandika "mwembe".

Dawa ya kisarufi ni neno dogo "kama". "Ueleze kama umewahi kuuona mpaka huo ukibadilika, au la." Neno "kama" huacha mlango wazi pande mbili, na "au la" hulifanya jibu la hapana liwe jibu halali, lisionekane kuwa kushindwa.

Tuje kwenye tarehe. "Ifikapo Jumatatu saa kumi" ni maneno matatu tu yenye maana, na kila moja lina mtego. "Ifikapo Jumatatu" ni pamoja na Jumatatu yenyewe, au iwe imekwisha kufika kabla jua la Jumatatu halijachomoza? Niliwauliza wanafunzi 20 darasani wakagawanyika. "Jumatatu" ipi? Barua iliyoandikwa Alhamisi na kufika Ajia kwa mkono wa mwendesha bodaboda Jumanne inayofuata imekwisha kupitwa na Jumatatu yake. Tena jina lenyewe si salama mpakani. Sisi tunahesabu kuanzia Jumamosi, ndiyo maana siku ya kwanza ya kazi ina tatu ndani yake. Katika Kiswahili cha mashariki ya Kongo wapo wanaoanza kuhesabu siku za kazi: siku ya kwanza ndiyo Jumatatu yetu, na siku ya tatu ndiyo Jumatano. Vurra ni mpakani, na watu wa pande zote mbili huoana na kufanya biashara. Tarehe ikitajwa pamoja na siku, utata huo wote unaondoka.

Na "saa kumi" je? Kwa Kiswahili ni saa kumi jioni. Lakini kijana atakayemsomea bibi barua hiyo ana simu mkononi inayoandika 10:00 asubuhi na 16:00 alasiri, na shuleni amefundishwa saa kwa Kiingereza. Andika "saa kumi jioni", na kama kuna shaka, ongeza "saa za Kiswahili". Ni maneno matatu.

Lakini utata wa tarehe ni kasoro ndogo kuliko ukimya unaoizunguka. Barua haisemi kwa nini ni siku hiyo na si nyingine. Tarehe isiyo na sababu husomeka kama ubabe. Tarehe yenye sababu humpa msomaji nafasi ya kupanga. Na wakili anayejua kazi yake hatoi siku ya mwisho ya mahakama kuwa siku ya mwisho ya shahidi. Anarudi nyuma: siku za kutafsiri, siku ya kurudi kwa shahidi kumsomea alichokisema, na nafasi kidogo ya mvua na barabara.

Nimetaja kutafsiri, na hapa barua yetu imekaa kimya kabisa. Mama aandike kwa lugha gani? Sheria ya Mwenendo wa Madai ya Uganda inaweka Kiingereza kuwa lugha ya mahakama, na ushahidi hurekodiwa kwa lugha hiyo. Katiba iliporekebishwa mwaka 2005 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, lakini kitumike katika mazingira ambayo Bunge litayaweka kwa sheria. Tanzania nayo ilifanya marekebisho ya sheria mwaka 2021 yaliyokipa Kiswahili nafasi ya lugha ya mahakama. Kwa hiyo barua ya Kiswahili inayopelekwa Ajia ni daraja la katikati: mama anafikiri kwa Kilugbara, anaombwa kwa Kiswahili, na hakimu atasoma Kiingereza. Barua isipomwambia kwamba anaweza kuandika kwa lugha yake, atajitahidi kwa Kiswahili chake cha sokoni, na maelezo yatakuwa membamba kuliko kumbukumbu yake.

Kuna sheria ya zamani ya Uganda inayowalinda watu wasiojua kusoma, ambayo kila mwalimu wa lugha angependa kuifahamu kwa sababu ya namna inavyomfafanua mtu huyo. Kwa mujibu wake, asiyejua kusoma ni yule asiyeweza kusoma na kuelewa maandishi au lugha ya hati inayohusika. Haiangalii kama mtu alikwenda shule. Mwalimu mstaafu anayesoma Biblia ya Kilugbara kila asubuhi bila miwani anaweza kuwa asiyejua kusoma mbele ya hati ya Kiingereza. Yeyote anayemwandikia mtu huyo hati anapaswa kuandika juu yake jina lake mwenyewe kamili na anwani yake, na kwa kufanya hivyo anachukuliwa kuwa anasema kwamba aliagizwa na mwenye maneno, kwamba aliyoyaandika ni hayohayo aliyoagizwa, na kwamba alimsomea na kumweleza. Mjukuu anayemwandikia bibi yake chini ya mwembe anahusika. Akiacha kuweka jina lake, maelezo mazuri yanaweza kupingwa mahakamani kwa sababu ya mistari miwili iliyokosekana chini ya ukurasa. Ni nani atakayemwambia mjukuu jambo hilo kama si barua?

Baada ya majadiliano hayo, kundi moja la wanafunzi liliandika upya. Nainukuu barua yao yote:

"Mama, salaam kwako na kwa wote nyumbani. Mimi ni wakili wa jirani yako wa zamani katika kesi ya mpaka wa shamba lililopo Ajia. Nimeambiwa kwamba ulikuwapo siku wazee walipoonyesha mpaka huo. Nakuomba uniandikie uliyoyaona na kuyasikia mwenyewe siku hiyo: ni nani walikuwapo, mpaka ulionyeshwa wapi, na kama umewahi kuuona ukibadilika tangu wakati huo, au la. Jambo usilolikumbuka, sema hulikumbuki.

Maelezo yako nitayapeleka mahakamani, na upande wa pili nao watapewa nakala. Huenda baadaye ukaitwa kuulizwa maswali juu yake. Unaweza kuandika kwa Kilugbara, Kiswahili au Kiingereza. Mtu akikuandikia, akusomee yote, kisha aandike chini jina lake kamili na mahali anapokaa, nawe utie sahihi au alama ya dole gumba.

Naomba yanifikie kabla ya saa kumi jioni, Jumatatu tarehe 14 Septemba. Mahakama imetupa hadi Ijumaa tarehe 25 Septemba kuyawasilisha, na siku za katikati ni za kuyatafsiri na kuja kukusomea tena. Kama siku hiyo ni ngumu kwako, nipigie simu mapema tupange nyingine. Hili ni ombi langu, si wito wa mahakama. Nauli yako nitairudisha. Malipo mengine hakuna."

Salamu ni fupi, na haikukopa "shikamoo", ambayo kwa mama wa Ajia ingesikika kama ya mgeni wa pwani. "Uniandikie", kwa kiambishi chake cha kutendea, kinamwonyesha msomaji kwamba kuna mtu anayeingojea karatasi. Sentensi ya upande wa pili kupewa nakala ilizua ubishi darasani, kwa kuwa baadhi waliona itamtisha. Mimi nasema ibaki. Atakayeishi naye baada ya hukumu ni jirani huyohuyo, na ana haki ya kujua kwamba maneno yake yatasomwa naye kabla hajayaandika.

Barua ni ndefu, ni kweli, na haiwezi kukaa katika ujumbe mmoja wa simu. Simu ifae kwa kukumbusha tu: "Mama, nakukumbusha maelezo niliyokuomba, Jumatatu tarehe 14, saa kumi jioni. Kama kuna shida nipigie." Kusudi la maelezo lisifupishwe humo, maana kufupisha ndiko kunakorudisha "jinsi alivyosogeza".

Hata hivyo barua hii mpya haijatoka salama. Msichana mmoja aliyekaa nyuma, mzaliwa wa Koboko, alinyoosha mkono akauliza kuhusu "siku wazee walipoonyesha mpaka". Je, kama mdaiwa anasema wazee hawakuwahi kuonyesha mpaka wowote? Kirejeshi cha wakati kimefanya kazi ileile ya "-vyo-", kwa utulivu zaidi. Kundi liliitetea sentensi yao kwa kuwa imeanza na "nimeambiwa", na hilo linapunguza makali, lakini halimalizi. Yeye alipendekeza: "Nakuomba uniandikie unachokijua kuhusu mpaka wa shamba hilo, na ulikijuaje." Wenzake walilalamika kwamba ombi hilo ni pana mno na mama atasimulia ukoo mzima. Huenda. Wakili atakuwa na kurasa za ziada za kusoma, na katika mojawapo huenda akakutana na mti ambao hakuna aliyemtajia mama.